Kabla hujaandika barua ya kuomba kubadilishiwa tarehe ya mahojiano ya pasipoti

Tuchukue mtu anayeuza dukani Kariakoo. Ameomba pasipoti, fomu ameijaza mtandaoni, kalipia ile 20,000 ya mwanzo, na afisa uhamiaji kampangia Jumanne saa 3:00 asubuhi afike Kurasini na vyeti halisi kwa mahojiano. Ijumaa ya kabla ya hapo anapokea wito wa kwenda kutoa ushahidi katika Mahakama ya Kisutu, Jumanne hiyohiyo, saa hiyohiyo. Kisutu na Kurasini si mbali, lakini asijidanganye kwamba atawahi kote kuwili. Shahidi anaweza kukaa koridoni mpaka mchana kabla ya kuitwa, na alama za vidole na saini ya pasipoti hakuna wa kumwekea.

Kwanza aangalie kipi kinaweza kusogea. Wito wa mahakama ni amri, mahojiano yanaombeka. Harusi ya binamu au safari ya mzigo haina uzito huo, na ukiiandika, usishangae ukijibiwa uje tarehe uliyopangiwa. Asikimbilie pia kufungua ombi jipya mtandaoni ili apate siku nyingine: atalipa tena na atakuwa na maombi mawili kwa mtu mmoja, jambo la kumtafutia maswali bure.

Kabla ya kuandika, aweke mezani fomu aliyochapisha, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na ule wito, kisha asome majina neno kwa neno. Hapa ndipo wengi hawatazami. Barua na kiambatisho chake vinaweza kuingia kwenye faili lake, na anayelisoma kazi yake ni kuhakiki wewe ni nani. Karani wa mahakama akiwa ameandika majina mawili wakati NIDA ina matatu, au “Mwajuma” imekuwa “Mwanajuma”, tofauti hiyo itaonekana. Dawa yake ni sentensi moja ndani ya barua: aliyetajwa kwenye wito ni mimi, na majina yangu kamili ni haya.

Jambo la pili ni neno “shahidi”. Ukiandika tu “nina kesi Kisutu”, msomaji atawaza mshtakiwa, na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana mara nyingine huzuiwa kusafiri au huamriwa kusalimisha pasipoti. Sema wewe ni shahidi, taja namba ya shauri, uishie hapo. Nani alimwibia nani hakumhusu afisa uhamiaji.

Tarehe mbadala nazo zinahitaji akili. Kesi huahirishwa, kila mtu mjini anajua. Ukiomba Jumatano, na mahakama ikakwambia urudi kesho yake kumalizia ushahidi, utaandika barua ya pili, na ya pili huaminiwa kidogo kuliko ya kwanza. Omba wiki inayofuata, toa siku mbili au tatu, na kama uliambiwa uje na mzazi, muulize kwanza kama siku hizo anaweza.

Barua yenyewe haizidi nusu ukurasa:

Afisa Uhamiaji wa Mkoa,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA TAREHE YA MAHOJIANO, OMBI LA PASIPOTI NAMBA ……

Tafadhali husika na somo hapo juu. Nilipangiwa kufika ofisini kwako Jumanne, tarehe ……, saa 3:00 asubuhi. Siku na saa hiyo nimeitwa kama shahidi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, shauri namba ……, na nakala ya wito nimeiambatisha. Naomba nipangiwe siku nyingine kati ya tarehe …… na ……. Vyeti vyote nilivyoagizwa ninavyo tayari. Napatikana kwa simu namba …….

Wako mtiifu,
(saini, majina kamili kama yalivyo NIDA, tarehe)

Ambatisha nakala, wito halisi utauhitaji mahakamani. Chapisha barua mbili, uzipeleke mwenyewe Jumatatu asubuhi. Moja ibaki ofisini, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Ukimpigia afisa simu, au mlinzi getini akikuambia “haina shida, wewe njoo tu wiki ijayo”, hakuna karatasi ya kuonyesha siku afisa huyo akiwa likizo na mwingine akaona faili lako limeandikwa kwamba hukutokea.

Jumanne, ukishatoa ushahidi, omba mahakamani uthibitisho wa kuhudhuria uuweke pamoja na nakala yenye muhuri. Kama hujapigiwa simu hadi Alhamisi, nenda Kurasini na karatasi hizo mbili uulizie tarehe.