Somo: Kurudisha weupe wa chandarua kilichogeuka manjano bila kulegeza nyuzi

Somo hili ni la chandarua cheupe cha poliesta kisicho na dawa, kile cha duara kinachoning'inia kwenye pete moja juu ya kitanda cha futi tano kwa sita. Chenye dawa kisipitishwe kwenye hatua za kung'arisha hata kidogo. Habari zake zipo kwenye maswali chini.

Kabla ya kugusa maji, jua umanjano umetoka wapi. Moshi wa jiko, vumbi na jasho hukaa juu ya uzi, na kwa kawaida huwa mzito karibu na pete na upande wa kichwa cha kitanda. Jua nalo hugeuza uzi wenyewe, hasa upande wa dirisha. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kibane kwenye sehemu yenye manjano kwa dakika tano, kisha kitazame. Kikitoka na rangi ya chai, ni uchafu, na utatoka. Kikitoka safi, uzi umechakaa. Hapo vuta uzi mmoja wa pembeni: ukikatika kwa urahisi, usikitie dawa yoyote ya kung'arisha, kwa sababu hakuna unachorudisha.

1. Toa pete, kung'uta vumbi nje, na ushone kila tundu. Tundu dogo likiingia majini halijashonwa, uzito wa maji hulipanua.

2. Shughulikia kutu kwanza, hasa pale pete ilipogusa kitambaa. Paka maji ya limao, acha dakika 20 kivulini, suuza, rudia ikibidi. Usiruke hatua hii. Chuma kilichobaki kwenye kutu huichochea oksijeni ya hatua ya 4 ifanye kazi kwa kasi mahali pamoja, na hapo ndipo uzi hudhoofika na tundu hutokea palipokuwa na doa.

3. Toa mafuta na masizi. Tia vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita 20 za maji ya vuguvugu, zamisha chandarua kikiwa kimekunjwa kwa ulegevu, acha nusu saa. Kibonyeze kwa viganja kutoka juu kwenda chini, kama unavyobonyeza unga wa maandazi. Usikifikiche, maana uzi mmoja ukisagwa juu ya mwingine matundu husogea na hayarudi mahali pake. Mwaga maji, rudia mpaka maji mapya yakikaa dakika kumi yabaki karibu meupe. Mara nyingi ni maji ya pili au ya tatu. Wengi hupaharakisha hapa, halafu wanalalamika kwamba unga wa kung'arisha haufai. Ukweli ni kwamba nguvu ya unga imeishia kwenye mafuta kabla ya kufika kwenye rangi.

4. Sasa ng'arisha. Tumia unga wa kuondoa madoa unaofanya kazi kwa oksijeni, ulioandikwa kwamba hauna klorini. Kwenye beseni changanya lita 2 za maji yaliyochemka na lita 8 za bombani. Kwa joto la pwani unapata kama nyuzijoto 40, yaani mkono unakaa bila kuungua. Vaa glavu, tia vijiko vinne vya chakula vya unga, koroga mpaka chembe zote ziyeyuke, ndipo uzamishe chandarua. Chembe isiyoyeyuka ikilalia uzi hufanya kazi mahali pamoja tu na kuacha alama. Geuza kila baada ya dakika 15, toa baada ya saa moja. Kulaza usiku kucha si kuzidisha weupe: maji haya yana ukali wa magadi, na si vizuri uzi ukae ndani yake muda mrefu.

5. Suuza mara mbili kwa maji mengi. Suuza la tatu liwe na vijiko vinne vya siki kwenye lita 10, dakika tano, kutuliza ukali uliobaki. Kisha suuza tena kwa maji matupu.

6. Bluu, ukitaka. Haiondoi manjano, inayafunika kwa jicho. Funga chembe kidogo kwenye kitambaa, izungushe majini mpaka maji yawe na rangi ya mbingu hafifu, kisha pitisha chandarua kikiwa kimefunguka kwa dakika mbili huku ukikisogeza. Kikilala kimekunjwa, kinatoka na mistari. Hakikisha siki imesuuzwa yote, kwani asidi huiua rangi ya bluu.

7. Usikikamue. Kiache kitoe maji kwenye beseni lenye matundu, kikunje ndani ya taulo, bonyeza. Anika kivulini juu ya kamba mbili au tatu ili uzito ugawanyike. Ukikitundika kwa pete kikiwa na maji, nyuzi za juu huvutika na kubaki hivyo.

Maswali

Mama wa Tanga: Shikamoo dada. Kwa nini usiseme jiki tu? Yetu hung'aa ndani ya dakika kumi.

Jibu: Marahaba. Tatizo ni kwamba kwa macho huwezi kujua uzi ni poliesta au nailoni. Poliesta huvumilia klorini kidogo, ila nailoni hugeuka manjano zaidi na kudhoofika, na utepe wa pamba kwenye pindo huoza taratibu. Hata kwenye poliesta, klorini huharibu rangi za kung'arisha zilizowekwa kiwandani, ndiyo maana weupe wa jiki hurudi manjano upesi.

Kijana wa Kisumu: Nimepewa neti kliniki, imekuwa ya kahawia. Naifanyaje?

Jibu: Neti za kliniki kwa kawaida huwa na dawa ya mbu. Ioshe kwa maji baridi na sabuni ya mche, bila kuiloweka na bila unga wa sabuni, kwani unga ni mkali. Klorini na ukali wa magadi huvunja dawa. Anika kivulini, jua nalo huiharibu. Viwango vya kupima neti hizi hukadiria kuosha mara 20, kwa hiyo usioshe kila doa linapotokea. Ibaki ya kahawia, mradi iue mbu. Maji yake yasimwagwe mtoni wala ziwani, yanaua samaki. Mwaga chooni au shimoni mbali na kisima.

Bibi wa Lamu: Mwanangu, kuna madoa meusi ya ukungu upande wa ukuta, je, haya?

Jibu: Bibi, shikamoo. Osha kwa hatua ya 3 kwanza. Kisha tia kwenye kila doa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, dakika 15, kisha suuza vizuri. Rangi iliyozama ndani ya uzi huenda ikabaki kijivu, lakini harufu itaisha. Halafu vuta kitanda kutoka ukutani, kama shibiri moja, upepo upite.

Mwanachama mwingine: Naweza kutumia mashine?

Jibu: Ukiweka kwenye mfuko wa wavu, mzunguko wa nguo laini, bila kukausha kwa kuzungusha. Pete na ndoano zitoke kabla. Kwa chandarua chenye uzi uliokwisha kulegea, beseni tu.