Kusoma gharama ya fursa kwenye mkunjo wa uwezekano wa uzalishaji: mfano wa ekari tano

Katika madaftari ya kidato cha tano ninayosahihisha, kosa linalojirudia kuliko yote ni la mwanafunzi kuuchora mkunjo kwanza, upinde mzuri uliobinuka kwa nje, kisha kutafuta takwimu za kuujaza. Akiulizwa kwa nini mkunjo umepinda, hujibu kwamba rasilimali ni chache. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa rasilimali chache zinaweza pia kutoa mstari ulionyooka kabisa. Katika mwongozo huu tutaanza na ardhi yenyewe, na mkunjo tutauchora baadaye.

Hatua ya kwanza: andika kila rasilimali inaweza kuzalisha nini

Chukua shamba la ekari tano katika bonde la Kilombero, linaloanzia kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji karibu na mto na kupanda taratibu hadi kwenye kichanga chini ya milima ya Udzungwa. Mkulima ana mazao mawili tu, mpunga na mahindi, na tunachukulia kwamba nguvu kazi, mbegu na urefu wa msimu havibadiliki. Mavuno yafuatayo, kwa magunia kwa ekari, nimeyapanga mwenyewe kwa ajili ya zoezi.

| Ekari | Mpunga | Mahindi |
|---|---|---|
| A (mfinyanzi, majaruba) | 20 | 4 |
| B | 18 | 6 |
| C (katikati ya mteremko) | 12 | 8 |
| D | 8 | 16 |
| E (kichanga, juu) | 4 | 16 |

Shamba lote likipandwa mpunga, mkulima anavuna magunia 62. Likipandwa mahindi peke yake, anavuna 50. Hizo ndizo ncha mbili za mkunjo, na wanafunzi wengi huzipata bila shida. Kazi iko katikati.

Hatua ya pili: tafuta gharama ya kila ekari

Gharama ya fursa ya gunia moja la mahindi ni kiasi cha mpunga kinachoachwa ili gunia hilo lipatikane. Kwa kila ekari, gawanya mpunga kwa mahindi. Kwenye ekari E, magunia 4 ya mpunga yanaachwa ili kupata 16 ya mahindi, kwa hiyo kila gunia la mahindi linagharimu robo gunia la mpunga. Ukifanya hivyo kwa zote, kutoka E kwenda A, utapata 0.25, 0.5, 1.5, 3 na 5. Gunia la mahindi ni lilelile, lakini kulipata kwenye mfinyanzi kunagharimu mara ishirini ya kulipata kwenye kichanga.

Hatua ya tatu: hamisha ekari kwa kuanza na ile yenye gharama ndogo

Sasa anza na shamba lililojaa mpunga na uhamishie ekari kwenye mahindi moja baada ya nyingine. Ukianza na E, unapata mahindi 16 na kubaki na mpunga 58. Ukiongeza D, nukta inakuwa mahindi 32 na mpunga 50. Ukiongeza C, mahindi 40 na mpunga 38. Ukiongeza B, mahindi 46 na mpunga 20. Na ukimalizia na A, mahindi 50 bila mpunga wowote.

Weka mahindi kwenye mhimili mlalo na mpunga kwenye mhimili wima, kisha unganisha nukta hizo. Utaona mstari unaoshuka polepole mwanzoni, halafu kwa ukali zaidi kila unapoingia kwenye ekari mpya. Kupinda kule hakuna chanzo kingine isipokuwa tofauti za udongo zilizopangwa kwa mfuatano wa gharama. Kama ekari zote tano zingekuwa na uwiano mmoja wa mpunga kwa mahindi, tungepata mstari ulionyooka, hata kama shamba lingekuwa dogo kiasi gani. Mfano wa bunduki na siagi uliozoeleka vitabuni unalificha jambo hili, kwa kuwa msomaji haoni ni kiwanda gani au mfanyakazi gani anayehamishwa.

Mfuatano ukivurugwa, matokeo yake yanaonekana mara moja. Tuseme mkulima ameanza kupanda mahindi kwenye ekari A, labda kwa sababu iko karibu na nyumba. Atakuwa na mahindi 4 na mpunga 42. Lakini mahindi 4 hayohayo angeyapata kwa kutumia robo tu ya ekari E, akaacha gunia moja la mpunga na kubaki na 61. Amepoteza magunia 19 ingawa hakuna ekari iliyolala wala kibarua aliyekaa bure. Kwa hiyo nukta iliyo ndani ya mkunjo haimaanishi lazima kuna rasilimali zisizotumika. Inaweza kumaanisha kwamba zote zinatumika, lakini si mahali pake.

Hatua ya nne: soma gharama mahali ulipo

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Mwanafunzi anaombwa gharama ya fursa kwenye nukta fulani, naye anagawanya 62 kwa 50 na kuandika 1.24. Namba hiyo ni wastani wa safari nzima kutoka ncha hadi ncha, na katika shamba letu hakuna ekari hata moja yenye gharama hiyo. Kinachosomwa ni mwinamo wa kipande ulichopo: mpunga uliopungua, ugawanywe kwa mahindi yaliyoongezeka.

Kwenye nukta ya mahindi 32 na mpunga 50 kuna jambo la kuangalia kwa makini, kwa kuwa ni kona. Gunia la mwisho la mahindi lililopatikana, kutoka ekari D, liligharimu nusu gunia la mpunga. Linalofuata, kutoka ekari C, litagharimu gunia moja na nusu. Ni lazima useme unaelekea upande gani. Shamba lingegawanywa katika vipande vingi sana vyenye udongo unaobadilika kidogo kidogo, kona zingefutika na mkunjo ungekuwa laini. Hapo gharama husomwa kwa kuchora mstari ulionyooka unaougusa mkunjo kwenye nukta ile tu, kisha kupima mwinamo wa mstari huo.

Hatua ya tano: weka bei ndipo uchague nukta

Mkunjo wenyewe hausemi nukta ipi ni bora. Nukta zote zilizo juu yake zinatumia ardhi vizuri, na kuchagua moja kunahitaji taarifa kutoka nje, kwa mfano bei. Gunia la mahindi na la mpunga yakiuzwa bei sawa, inafaa kuhamisha kila ekari ambayo gharama yake iko chini ya 1, yaani E na D, na kusimama kwenye ile kona ya 32 na 50. Mahindi yakipanda hadi mara mbili ya bei ya mpunga, ekari C nayo inavuka, kwa kuwa 1.5 ni ndogo kuliko 2, lakini B inabaki majarubani.

Mwisho, jaribu kubadilisha mbegu. Mbegu bora ya mpunga ikiongeza mavuno kwa nusu kwenye kila ekari, ncha ya mpunga inapanda kutoka 62 hadi 93, huku ncha ya mahindi ikibaki palepale kwenye 50. Mkunjo haukusogea wote kwa pamoja. Umezunguka kwenye ncha moja na kuwa mkali zaidi. Gharama ya gunia la mahindi kwenye ekari C imepanda kutoka 1.5 hadi 2.25, na kwa bei ileile ya mara mbili, ekari hiyo inarudi kwenye mpunga.