Barua ya maombi ya SDET kwa testa wa mikono: namna ya kuonyesha msimbo ulioandika

Tangazo lenye kichwa SDET linatafuta mtu wa kuandika programu zinazopima programu nyingine. Anayesoma barua ya testa wa mikono anataka kujua jambo moja kwanza: je, huyu anaandika msimbo mwenyewe, au alirekodi mibofyo kwenye Selenium IDE na kuiita otomatiki? Kueleza miaka mingapi umepima na matoleo mangapi umepitisha hakujibu swali hilo.

Tutumie mfano wa kubuni wa testa wa Nairobi. Kampuni yake inauza bidhaa mtandaoni na kupokea malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom. Cheo chake bado ni testa wa mikono, ila ameandika majaribio ya malipo kwa Python na pytest. Anaomba kazi ambayo tangazo lake linataka Python, majaribio ya API na GitHub Actions.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi kabla ya kuandika

Fungua folda ya mradi uone ulichoandika kweli. Kumbukumbu huongeza chumvi.

```
git log --author="barua-pepe-yako" --no-merges --oneline -- tests/
```

Badilisha `tests/` iwe folda yenu ya majaribio. Pitia orodha hiyo ukitenga mafungu mawili: majaribio uliyoandika tangu mwanzo, na yale uliyorekebisha tu baada ya mwenzako. Yote mawili yanafaa kutajwa, lakini si kwa kitenzi kimoja. "Niliandika" na "nilirekebisha" ni madai tofauti, na kwenye usaili utaulizwa kwa nini faili fulani imepangwa hivyo. Kisha fungua historia ya GitHub Actions uandike majaribio yanachukua dakika ngapi, na ni yapi yameanguka kwa sababu ya hitilafu ya kweli.

Hatua ya 2: Chagua kazi moja

Barua ina nafasi ya kueleza kazi moja vizuri. Soma tangazo uchague iliyo karibu nalo zaidi, hata kama si ile unayojivunia. Testa wetu ana majaribio ya Playwright ya ukurasa wa kuingia na yale ya malipo. Kwa kuwa tangazo linataka API, Playwright itabaki kwenye wasifu.

Hatua ya 3: Andika aya ya kati kwanza

Aya hii ndiyo barua yenyewe. Watu wengi huiandika hivi:

> Nina ujuzi wa otomatiki kwa kutumia Python, pytest, Postman, Selenium na Jenkins, na nilisaidia timu kupunguza muda wa majaribio.

Orodha ya zana haionyeshi uamuzi wowote, na "nilisaidia" inaficha nani alifanya nini. Mwenye kazi anataka tatizo, msimbo ulioandikwa, mahali unapoendeshwa na kilichonaswa:

> Mteja anapolipa, Daraja hutuma jibu lenye `ResultCode` kwenye seva yetu. Tulikuwa tukipima kwa mikono malipo yaliyofaulu tu, kwa sababu baadhi ya majibu mengine ni vigumu kuyaleta kwa simu halisi. Niliandika seva ndogo ya kuigiza kwa Python inayotuma majibu hayo kwetu: malipo yaliyokamilika (0), mteja aliyeghairi (1032), na jibu moja lililotumwa mara mbili. Jaribio la mwisho lilinasa hitilafu: oda moja iliandikiwa malipo mawili, kwa kuwa mfumo haukuangalia kama `CheckoutRequestID` ile imeshapokelewa. Majaribio haya 38 ya pytest huendeshwa na GitHub Actions kila ombi la kuunganisha msimbo linapofunguliwa, na huchukua dakika 6.

Jibu lililotumwa mara mbili limepewa sentensi nzima. Hapo ndipo msomaji anapoona kwamba mwandishi anajua mifumo ya malipo huharibika wapi, jambo ambalo jina la zana haliwezi kumwonyesha.

Kama uliwahi kutibu majaribio yanayoanguka bila sababu, ongeza sentensi mbili. Kila timu ya otomatiki inaujua ugonjwa huo, na anayeujua chanzo chake hutambulika haraka:

> Niliondoa `time.sleep(5)` na kuweka ukaguzi wa hali ya oda kila sekunde 1, kwa muda usiozidi sekunde 20. Majaribio yakaacha kuanguka siku seva ikiwa nzito.

Usiandike "niliyafanya yawe imara" ukaishia hapo. Imara kwa kubadilisha nini?

Hatua ya 4: Pima namba zako

Namba inayovunja barua nyingi ni ya muda uliookolewa. "Kutoka siku 2 hadi dakika 6" inavutia, ila mara nyingi si kweli: zile siku 2 zilikuwa za kupima programu nzima, na dakika 6 ni za malipo peke yake. Linganisha vitu vya aina moja. Ikiwa malipo yalichukua saa 5 kwa mikono, andika saa 5. Asilimia za ufunikaji wa msimbo ziache, isipokuwa unaweza kueleza zilipimwa kwa zana gani na kwenye sehemu ipi.

Hatua ya 5: Taja upimaji wa mikono bila kuuombea radhi

Usianze na "ingawa mimi ni testa wa mikono tu". Sema kazi hiyo ilikupa nini kwenye msimbo, na useme pia kilichobaki nje ya otomatiki:

> Kesi za kuandikia majaribio nilizichagua kutoka hitilafu nilizoripoti mwenyewe kwa mikono. Ombi la PIN linalotokea kwenye simu ya mteja bado tunalipima kwa simu halisi kabla ya kila toleo, kwa sababu seva ya kuigiza haifiki kwenye simu.

Sentensi hiyo ya pili haikupunguzii kitu. Anayedai ameotomatisha kila kitu ndiye anayetiliwa shaka.

Hatua ya 6: Weka kiungo kinachofunguka

Msimbo wa mwajiri si wako kuuonyesha. Andika upya wazo lile kwa udogo kwenye GitHub yako: programu ya kupokea oda, seva ya kuigiza, majaribio 5 au 6, na README inayoonyesha amri za kuyaendesha. Fungua kiungo kwenye dirisha la faragha la kivinjari, maana hazina iliyofungwa huonekana vizuri kwako huku msomaji akipata ukurasa wa 404.

Angalia pia kama kuna Consumer Key au Consumer Secret ya Daraja ndani ya msimbo. Kuifuta kwenye faili hakutoshi, kwa kuwa inabaki kwenye historia ya git. Ifute kwenye akaunti ya Daraja utoe nyingine. Kwa nafasi ya kupima mifumo ya malipo, siri iliyoachwa wazi inaweza kukunyima usaili.

Hatua ya 7: Mwanzo, mwisho, kutuma

Sasa andika ufunguzi, sentensi mbili zinatosha: nafasi unayoomba kama ilivyoandikwa kwenye tangazo, na kazi utakayoieleza. Mwishoni weka kiungo, siku unayoweza kuanza na namba ya simu. Barua nzima iwe ukurasa mmoja, kwa lugha ya tangazo. Matangazo mengi ya kazi hizi ni ya Kiingereza, na mpangilio huu haubadiliki. Ihifadhi kama PDF yenye jina lako na jina la nafasi, kisha ubofye kiungo kilicho ndani ya PDF yenyewe kabla ya kutuma: kiungo kilichokatwa mistari miwili mara nyingi hufunguka nusu.