SOMO: Ukishaandika "better", "more" ya nini tena?

Nimechoka kulijibu swali hili pembeni, nalibandika hapa mara moja. Nina steshenari, nachapa barua za maombi na ripoti. Leo asubuhi kijana kaniletea hii:

"Using the phone is more easier, it is the most cheapest way and the results are more better."

Kosa hili tunatoka nalo nyumbani. "Rahisi" yetu haibadiliki. Ulinganisho tunauweka nje yake: rahisi zaidi, rahisi kuliko, rahisi kupita zote. Hata "bora zaidi" kwetu haina ubaya. Basi mtu akiona "better" anaisoma "bora" tu, halafu anaitafutia "zaidi" yake. Kumbe zaidi imo humo humo ndani.

Hatua ya 1. Bonyeza Ctrl+F, tafuta kila "more" na "most".

Hatua ya 2. Tazama neno linalofuata. Likiishia na -er au -est, USIFUTE KITU KWANZA. Kata huo mkia uone kinachobaki. "Easier" inakurudisha kwenye "easy", na hiyo ni sifa, kwa hiyo mkia ni wa kulinganisha. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na ripoti ya shule moja, usiku, mteja anaisubiri asubuhi. Nikapita mbio nafuta "more" na "most" kila nilipoona mkia. "More timber and more paper" ikabaki "timber and paper", ikasomeka kama shule haina hata karatasi moja. Mtunza stoo aliyesifiwa kuwa "the most honest" akawa "the honest". Kata "paper" unapata "pap", kata "honest" unapata "hon". Hizo si sifa, mikia hiyo ni ya kuzaliwa nayo. Kurasa 11 nilizichapa upya kwa gharama yangu.

Hatua ya 3. Mkia ukiwa wa kulinganisha kweli, futa "more" au "most".

Hatua ya 4. Mbele ya "better", "best", "worse", "worst": futa "more" au "most" vilevile.

Hatua ya 5. Neno refu kama "expensive" linabaki na "more" yake.

Hatua ya 6. Ukitaka kukazia, tumia "much" au "far". Sentensi ya kijana ikatoka hivi: "Using the phone is easier, it is the cheapest way and the results are much better."

MASWALI

Kipanga_wa_Kati: Mkuu, kwa hiyo "more easier" ni sahihi au si sahihi?

Mchapaji: Hatua ya 3.

Dogo_Janja77: Mbona Wamarekani kwenye nyimbo wanasema "more better" na hawafi?

Mchapaji: Hawafi. Na wewe ukiimba imba. Barua yako ya kazi ina beti ngapi?

Bi_Shangazi: Mwalimu, na "very better" je? Mwanangu anaipenda sana.

Mchapaji: Haikai, shangazi. "Very" huenda na "good", "much" ndiyo huenda na "better". Ila "the very best" ni sahihi, usije ukamkata nayo.

Msomaji_Pwani: Kaka, shule tulisoma Shakespeare, Antonio anasema "the most unkindest cut of all". Naye alikosea?

Mchapaji: Swali zuri hili. Hakukosea. Ni mchezo wa Julius Caesar, ule ule ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili, ukatoka 1963. Antonio anaonyesha tundu la jambia la Bruto kwenye joho la Kaizari, na Kiingereza cha enzi hizo kiliruhusu kurudufisha hivyo kwa kukazia. Baadaye, hasa karne ya 18, waandishi wa sarufi wakaupiga marufuku mtindo huo kwenye maandishi rasmi. Lakini neno moja liliwaponyoka: "lesser". "Less" yenyewe imeshalinganisha, watu wakaiongezea -er juu, na leo "the lesser evil" unaiandika popote bila kuulizwa.

Msomaji_Pwani: Duh! Kwa hiyo "lesser" ni "more better" iliyopata vitambulisho.

Mchapaji: Ndiyo hiyo.

Kipanga_wa_Kati: Na "cleverer" au "more clever"?

Mchapaji: Zote mbili zinakubalika, chagua moja. Safari hii umeuliza vizuri.

Fundi_Redio: Naongeza: "I prefer more tea than coffee" nayo ni ugonjwa huo huo. "Prefer" ni kupenda zaidi tayari. Ni "I prefer tea to coffee".

Mchapaji: Hiyo nimekutana nayo kwenye barua mbili wiki hii. Na "senior than" pia, mjomba. Ni "senior to".