Kufufua mazungumzo ya ajira yaliyokwama kwa kutumia habari mpya ya kampuni

Somo hili linamhusu mtu aliyekwishafika mbali: amesailiwa, pengine mara mbili, meneja ameagana naye vizuri na kumwambia kwamba atajulishwa, kisha wiki zimepita bila neno. Halimhusu mtu ambaye kampuni haimjui, kwa sababu yeye hana mazungumzo ya kufufua.

Katika miaka niliyoshiriki kusaili watu wa idara ya uzalishaji hapa Ilemela, Mwanza, mara nyingi kimya hakikutokana na mwombaji kutofaa. Meneja husaili akitarajia kibali cha nafasi, kibali kinachelewa kwa wakubwa wake, naye anaona haya kumwandikia mtu kwamba hana jipya la kumweleza. Ujumbe wa "naulizia majibu yangu" humrudisha palepale penye haya, ndiyo maana haujibiwi. Habari mpya ya kampuni humpa jambo jingine la kujibu, na mara nyingine habari hiyo ndiyo iliyokifungua kibali chenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuisoma habari mpaka ujue inabadili nini katika kazi ya meneja huyo, wala si katika kampuni kwa jumla. Fedha hazifanani. Mkopo wa benki kwa kawaida huombwa kwa ajili ya kitu kinachoonekana, kama jengo, mtambo au magari, kwa hiyo ajira zake hufuata ratiba ya ujenzi na si siku ya tangazo. Ruzuku huja na masharti ya matumizi, na nafasi zake mara nyingi zimekwishaandikwa katika mpango wa mradi pamoja na muda wake. Mtu akiajiriwa humo aulize mapema mkataba unaishia lini. Mtaji unaotokana na wawekezaji walionunua hisa huwa na nafasi pana zaidi, lakini nao unaweza kutolewa kwa awamu kadiri malengo yanavyofikiwa. Uzinduzi wa bidhaa au huduma ni jambo la aina nyingine kabisa: kabla yake meneja hana muda wa kusoma barua ya mtu, ila wiki chache baada yake malalamiko ya wateja na mapengo ya kazi huanza kujitokeza, na hapo ndipo anapomkumbuka mtu aliyemsaili.

Hakikisha pia kwamba habari ni ya kweli na imetangazwa na kampuni yenyewe. Kama umeipata kwa rafiki aliye ndani, subiri itangazwe. Meneja akipokea kwa mgeni jambo ambalo bado ni siri ya ofisi, hatafikiria ajira yako. Atafikiria nani ameitoa. Angalia vilevile kwamba meneja aliyekusaili bado yuko kwenye nafasi ile.

Hatua ya pili inategemea ulichoandika siku ya usaili. Tafuta sentensi moja ambayo meneja aliisema kuhusu tatizo lake mwenyewe: gari linalochelewa, hesabu zisizolingana, wateja wa eneo fulani wasiofikiwa. Ujumbe wako utasimama mahali ambapo sentensi hiyo inakutana na habari mpya. Usipoikumbuka sentensi yoyote, ni afadhali uandike kifupi na kwa unyenyekevu kuliko kubuni tatizo ambalo hakulitaja.

Hatua ya tatu ni siku ya kutuma. Siku ya tangazo sanduku la meneja hujaa pongezi, na yako itazama humo. Mimi hushauri siku ya tatu hadi ya saba, asubuhi ya siku ya kazi, isipokuwa kwa uzinduzi, ambao husubiriwa wiki chache kama nilivyoeleza. Baada ya mwezi, habari imechakaa na kuitaja kunaonyesha kwamba uliitafuta ili upate kisingizio cha kuandika. Mjibu katika barua pepe ileile mliyokuwa mkiandikiana, bila kubadili kichwa chake, ili historia yenu yote iwe chini ya ujumbe na asihitaji kujiuliza wewe ni nani. Kama yeye ndiye aliyeanza kukuandikia kwa WhatsApp, endelea hapohapo. Kama hakufanya hivyo, usihamie huko kwa sababu tu huko unaweza kuona kama amesoma.

Kuandika kwenyewe nitakueleza kwa mfano wa kijana mmoja niliyemsaidia. Alikuwa amefanya kazi miaka mitatu kwenye mapokezi ya samaki kiwandani, akaomba usimamizi wa ukusanyaji katika kampuni inayonunua sangara kwenye mialo na kuwapeleka viwandani. Alisailiwa mara mbili, kisha wiki saba za kimya, na kikumbusho kimoja ambacho hakikujibiwa. Ndipo kampuni ikatangaza kwamba imepata mkopo wa kujenga mtambo wa barafu upande wa Sengerema na kununua malori mawili yenye kuta za kuzuia joto. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025, lori halisubiri tena kivuko, na uamuzi wa kujenga ng'ambo ya ziwa ulikuwa na maana kwa yeyote anayejua biashara ya samaki.

Rasimu yake ya kwanza ilisema: "Hongera sana kwa mkopo mliopata. Naomba kujua kama sasa nafasi yangu ipo." Ilikuwa na makosa mawili. Kwanza, iligusa fedha badala ya kazi, na meneja wa ukusanyaji si mwenye fedha hizo. Pili, iliita nafasi ile "yangu" wakati hakuna aliyempa. Tuliketi, akafungua daftari, akakuta meneja alimwambia kwamba mzigo wa ng'ambo hufika ukiwa na barafu kidogo na hajui ni wapi hasa inapoyeyukia. Ujumbe uliotumwa siku ya nne ulikuwa huu:

"Habari za kazi, Meneja. Nimesoma tangazo lenu la Jumatatu kuhusu mtambo wa barafu wa Sengerema. Katika usaili wa pili ulinieleza kwamba mzigo wa ng'ambo hufika ukiwa na barafu kidogo na kwamba haijulikani inayeyukia wapi. Nilikofanya kazi tulilibaini hilo kwa kupima joto la samaki mara tatu, yaani mwaloni, wakati wa kupakia na getini, tukiandika na saa ya kila kipimo. Naweza kukuandalia fomu ya namna hiyo katika ukurasa mmoja. Je, nikutumie? Kama mapokezi ya upande huo bado hayana msimamizi, nitashukuru kuzungumza nawe. Kama yamepata mtu, fomu itamfaa yeye."

Angalia mambo machache ndani yake. Pongezi hazimo, kwa sababu kutaja tangazo kwa usahihi kunatosha na kunaheshimu muda wake. Kiasi cha mkopo hakimo, kwa kuwa tarakimu ikikosewa barua nzima hupoteza uzito. Swali ni moja, linajibika kwa neno moja, na halimlazimishi kusema lolote kuhusu kibali. Sentensi ya mwisho inamwachia mlango wa kusema kwamba nafasi imejazwa bila kuona haya. Tena alisema "kukuandalia", maana fomu ya mwajiri wa zamani si mali yake. Aliichora upya kwa mkono wake, bila jina la kiwanda na bila takwimu zao. Hilo nalisisitiza sana, kwa sababu meneja mwangalifu akipokea karatasi ya mshindani wake hujua kwamba kesho karatasi zake pia zitapelekwa kwingine.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Nitumie." Alipoitumiwa fomu, meneja alieleza kwamba ujenzi ungechukua miezi minne na kwamba nafasi isingetangazwa kabla ya mwezi wa tatu. Hiyo haikuwa ajira, lakini ilikuwa tarehe, na mtu aliyekuwa gizani kwa wiki saba sasa alijua aendelee kuomba kwingine hadi lini. Mwezi wa tatu aliandika tena katika barua ileile, akaitwa, na leo anafanya kazi Sengerema kwa mkataba wa mwaka mmoja.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi niko Nyegezi. Niliambiwa waziwazi kwamba wamemchukua mtu mwingine. Miezi miwili baadaye kampuni imefungua tawi Geita. Je, njia hii inanifaa?

Jibu: Inakufaa, dada yangu, ila usiandike kana kwamba mazungumzo yale bado yako wazi. Taja kwamba unafahamu nafasi ile ilijazwa, kisha uliza kuhusu tawi jipya peke yake, na umwombe akuelekeze kwa anayelisimamia. Mtu aliyekukataa kwa adabu mara nyingi yuko tayari kukupeleka kwa mwenzake, kwa sababu hilo halimgharimu kibali.

Swali: Kaka, je, naweza kufanya hivi kwa nafasi ya halmashauri? Bajeti mpya imetangazwa na nilifanya usaili mwaka jana.

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Ajira za utumishi wa umma hupitia Sekretarieti ya Ajira na mfumo wa Ajira Portal, na matokeo ya usaili hutolewa huko kwa utaratibu wake. Afisa uliyemwona kwenye usaili hana mamlaka ya kukuingiza kwa ujumbe, na kumwandikia kunaweza kuonekana kama kutafuta upendeleo. Endelea kufuatilia akaunti yako na matangazo ya kuitwa kazini.

Swali: Habari iliyotoka ni mbaya, wamepunguza wafanyakazi kwenye ghala la Igoma. Niandike?

Jibu: Usiitumie. Meneja wako huenda amewaaga watu aliofanya nao kazi kwa miaka, na ujumbe wa kuomba nafasi wakati huo humuumiza. Ipite miezi kadhaa, na habari nyingine itokee, kabla hujagusa mazungumzo hayo.

Swali: Nimefuata hatua zote, siku kumi zimepita, kimya. Nitume tena?

Jibu: Subiri zitimie wiki mbili, kisha tuma kile ulichoahidi bila kuombwa, iwapo ni kifupi na ni kazi yako mwenyewe, ukiwa na mstari mmoja tu wa maelezo. Hapo usirudie ombi la nafasi. Asipojibu, acha mpaka kampuni itoe habari nyingine inayogusa kazi yake, hata kama ni mwaka ujao. Habari moja isirejewe mara ya pili, maana barua ya pili juu ya tangazo lilelile tayari ni kikumbusho, na kikumbusho kilikwishashindwa.