Jinsi ya kuomba jopo lipitishe muundo wa mfumo wako: mfano wa mizani ya tumbaku Tabora

Maombi yenyewe ni mafupi: jaza fomu ya idara, msimamizi aisaini, ambatisha mchoro wa mfumo na ukurasa mmoja wa hesabu. Wengi hukwama kwenye huo ukurasa, kwa hiyo tuukalie.

Tuseme mfumo wako unapokea uzito wa marobota kutoka vyama vya msingi na kumtumia mkulima meseji.

Anza na mzigo. Swali la kwanza la jopo huwa, "Siku ya soko kubwa mnapima mangapi?" Chukua makadirio haya: vituo 24, kila kimoja marobota 300, jumla 7,200 kwa saa sita. Hilo ni robota moja kila sekunde tatu. Ukichora seva tatu na kisambaza mzigo hapo, utaulizwa zinafanya kazi gani, na jibu hutakuwa nalo. Hata mzigo ukiongezeka mara kumi, ni marobota matatu na ushee kwa sekunde. Seva moja ndogo yenye hifadhidata nzuri inaumudu.

Halafu gharama. Weka meseji kwa shilingi 20. Ukituma moja kwa kila robota, siku hiyo imekula 144,000. Kama mkulima huleta marobota sita kwa wastani, jumlisha yote kwenye meseji moja ya jioni: wakulima 1,200, shilingi 24,000. Unachopoteza ni taarifa ya papo hapo, na jopo litakubana: mkulima akipunjwa asubuhi atajua saa ngapi? Mimi ningempa risiti ya karatasi palepale mizanini na kuiacha meseji iwe ya jioni.

Kuna mtego ambao wengi hawauoni. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160. Jina kama Ng'wandu likiandikwa kwa ritifaa iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka ('), meseji nzima inahamia mfumo wa herufi 70. Ya herufi 130 inakatwa vipande viwili, na alama hiyo ikiwa kwenye meseji zote, 24,000 inageuka 48,000. Safisha alama hiyo kabla ya kutuma, kisha onyesha jaribio lake kwenye kiambatisho.

Swali la mwisho huwa la hitilafu: "Mtoa huduma ya meseji akichelewa, karani wa mizani anasubiri?" Asisubiri. Hifadhi uzito kwanza, weka meseji kwenye jedwali la foleni, programu nyingine iitume baadaye. Hakuna seva ya kuongeza. Ila programu hiyo ikizimika baada ya kutuma, kabla ya kuweka alama ya "imetumwa", itatuma tena, na mkulima atadhani analipwa mara mbili. Kwa hiyo tia namba ya muhtasari na tarehe ndani ya kila meseji, ili iliyojirudia ijulikane.

Jopo likikurudishia fomu na masahihisho, badilisha hesabu na mchoro kwa pamoja. Mchoro wa seva moja ukiambatana na bajeti ya seva tatu, unarudishwa tena.