SOMO: Huduma ya Windows haioni diski Z:

Wakuu, swali hili limejirudia mno. Ukiuliza tena nitakutumia kiungo cha hapa, basi.

Mfano wetu ni programu ya kuhifadhi nakala. Ukiiendesha mwenyewe inaandika Z:\Nakala bila tabu. Ikifanya kazi kama huduma, inalalamika `The system cannot find the path specified`. Z: ni ya kikao chako ulichoingia wewe. Huduma ina kikao chake na akaunti yake, na humo hakuna Z:.

1. Andika `net use` uone Z: inaelekea wapi.

2. Kwenye mipangilio ya programu, weka anwani kamili:

```
\\SEVA1\Hifadhi\Nakala
```

Mikwaju ya nyuma miwili mwanzoni, kisha mmoja mmoja. "Hifadhi" ni jina ambalo folda imeshirikishwa nalo, si mahali ilipo ndani ya seva.

3. Ruhusa. Hapa ndipo watu hukwama. Ujumbe ukigeuka kuwa `Access is denied`, usirudi kwenye Z:, umeshasogea. Huduma inayotumia Local System kwenye domeni hujitambulisha kwa seva kwa jina la kompyuta, mfano OFISI\PC07$. Ipe akaunti hiyo ruhusa ya kuandika sehemu zote mbili, Sharing na Security, moja haitoshi. Unapotafuta jina, bonyeza kwanza Object Types utie tiki Computers, la sivyo utaambiwa halipo.

Kama hakuna domeni, tengeneza akaunti yenye jina na nenosiri lilelile kwenye mashine zote mbili, uipe ruhusa hizohizo. Kisha fungua `services.msc`, Log On, This account, uiweke hapo. Angalizo: nenosiri likibadilishwa bila kulirekebisha hapo, huduma haitawaka tena.

4. Izime huduma, uiwashe upya.

Swali: Nimefanya yote, imegoma.
Jibu: Ujumbe gani? Akaunti gani? Bila hayo siwezi kukusaidia.

Swali: Si rahisi kuunganisha Z: upya tu?
Jibu: Utaiunganisha kwenye kikao chako. Soma aya ya pili.

Swali: Mkuu, nikifungua CMD kama Administrator nayo haioni Z:, ilhali ni mimi yuleyule. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri. Msimamizi akiingia, UAC humfungulia vikao viwili, cha kawaida na cha mamlaka kamili. Z: uliiunganisha kwenye cha kawaida. Anwani kamili inafanya kazi kote.

Swali: Mipangilio yangu iko kwenye faili la JSON, inakataa mikwaju.
Jibu: Humo kila mkwaju huandikwa mara mbili:

```
"\\\\SEVA1\\Hifadhi\\Nakala"
```

Swali: Na `cd` kwenye faili la .bat je? Inagomea anwani hiyo.
Jibu: Tumia `pushd \\SEVA1\Hifadhi`. Itachukua herufi iliyo wazi kwa muda, ikianzia Z: kurudi nyuma. Ukimaliza andika `popd`, herufi inaachiwa.